Maumivu ya Tumbo Yanapohamia Kulia: Dalili za Hatari za Kidole Tumbo kwa Mtoto

Kidole tumbo ni kijibomba chembamba kilichoota mwanzoni mwa utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Kwa mtu mzima urefu wake huwa kati ya sentimita 6 na 10, na kwa mtoto hupungua kidogo. Ncha yake moja imeungana na utumbo, nyingine imeziba, kwa hiyo kinachoingia na kinachotoka hupita mlango mmoja. Mlango huo ukizibwa, ute unaotengenezwa ndani hukosa pa kwenda. Kijibomba hujaa na kutanuka, bakteria waliomo huzaliana, na kuta zake huanza kuvimba. Hospitalini ugonjwa huo huitwa apendisaitisi. Mitaani husemwa kwamba mtoto ana apendeksi, au ana kidole tumbo.

Mara nyingi kinachoziba ni kipande cha kinyesi kilichokauka na kuwa kigumu. Kwa watoto kuna sababu nyingine pia: kuta za kidole tumbo zina tezi nyingi za kinga, na tezi hizo zinaweza kuvimba mtoto anapopata maambukizi mengine, zikabana njia. Mara chache huwa ni minyoo. Mbegu za mapera na chembe za mchanga zinazotajwa sana majumbani ni nadra mno kukutwa, na wagonjwa wengi hawaonekani kuwa na kizuizi chochote cha wazi. Kwa hiyo hakuna chakula ambacho mtoto akikatazwa atakuwa salama. Kinachoweza kufanywa ni kuutambua ugonjwa mapema.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wenye umri wa miaka 10 hadi 19, lakini hata mtoto wa miaka miwili anaweza kuupata. Hatari yake inategemea muda. Kuta zilizotanuka huminya mishipa ya damu inayozilisha, sehemu ya kijibomba hukosa damu na kufa, kisha hutoboka na kumwaga usaha na kinyesi ndani ya tumbo. Kwa mtoto mkubwa hilo si kawaida katika saa 24 za kwanza. Zikishapita saa 36 hadi 48 tangu maumivu yaanze, uwezekano wake hupanda haraka.

Kwa nini maumivu huhama

Dalili inayoutofautisha ugonjwa huu na maumivu mengi ya tumbo ni kule kuhama kwa maumivu kutoka katikati ya tumbo kwenda chini kulia. Mhamo huo hutokana na namna mishipa ya fahamu ilivyopangwa.

Kidole tumbo chenyewe, kama sehemu nyingine za utumbo, hakina mishipa ya fahamu inayoweza kuonyesha mahali hasa penye tatizo. Kinapotanuka, taarifa hupita katika mishipa inayoingia kwenye uti wa mgongo pamoja na ile inayotoka katika ngozi ya kitovu. Ubongo hauwezi kutofautisha, kwa hiyo mtoto huhisi maumivu kuzunguka kitovu, au juu yake kidogo. Akiulizwa panapouma huweka kiganja kizima katikati ya tumbo. Maumivu ya hatua hii huwa hafifu, ya kuja na kupungua, na akibonyezwa tumbo haonyeshi mahali panapouma zaidi. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni chango, gesi au chakula kilichomkataa.

Baada ya saa kadhaa, kwa kawaida kati ya 6 na 24, uvimbe hufika nje ya kidole tumbo na kugusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Utando huo una mishipa ya fahamu ya aina nyingine, inayojua mahali pake barabara. Kuanzia hapo maumivu huwa makali, hayaachi, na mtoto anaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Mahali penyewe hupatikana kwa kuchora mstari wa kuwazia kutoka kwenye kitovu hadi kwenye mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele upande wa kulia. Mstari huo ukigawanywa mara tatu, theluthi moja kutoka kwenye mfupa ndipo panapouma zaidi. Charles McBurney, daktari mpasuaji wa New York, alipaeleza mwaka 1889, na madaktari wanapaita kwa jina lake hadi leo.

Utando ukishaguswa, kila mtikisiko huuma. Mtoto hutembea ameinama huku ameshika upande wa kulia, hulala amekunja goti la kulia, na hataki kugeuzwa. Akikohoa hushika tumbo. Akiwa kwenye bodaboda au daladala, kila shimo la barabara humtoa machozi. Njia rahisi ya kumpima mtoto mkubwa nyumbani ni kumwambia aruke mara moja kwa mguu wa kulia, au asimame kwa ncha za vidole kisha aziachie visigino zipige chini. Mwenye tumbo la gesi kwa kawaida hufanya hivyo bila shida. Mwenye kidole tumbo kilichovimba hukataa, au hujaribu mara moja na kushika chini kulia.

Mpangilio wa dalili

Maumivu ya tumbo, kutapika na homa ni dalili za magonjwa mengi. Ushahidi mkubwa uko katika mpangilio wake: ipi ilianza na ipi ikafuata.

Katika sura ya kawaida ya ugonjwa huu, maumivu hutangulia. Hamu ya chakula huisha karibu wakati huo huo, na mtoto aliyekuwa akipigania sahani hukataa hata kile anachokipenda. Kichefuchefu na kutapika hufuata saa chache baadaye, mara nyingi mara moja au mbili tu mwanzoni. Kisha maumivu huhamia kulia. Homa huja mwisho, nayo huwa ya wastani, kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Homa inayovuka 39 ugonjwa ukiwa na siku mbili huashiria kwamba kidole tumbo huenda kimeshapasuka.

Mtoto aliyeanza kutapika na kuharisha maji mengi, kisha tumbo likamsokota, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maambukizi ya kawaida ya tumbo. Aliyeanza na homa kali ya kutetemeka na kuumwa kichwa, maumivu ya tumbo yakaja baadaye bila kituo maalumu, huenda ana malaria. Kanuni hizi si kuta zisizovukika, lakini mhudumu anayezijua huuliza kwanza: kipi kilianza, tumbo au kutapika? Mzazi anayekumbuka saa ya kila dalili humsaidia kuliko anayeeleza tu kwamba mtoto anaumwa tangu jana.

Mfano wa mvulana wa miaka tisa

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha jinsi dalili zinavyopimwa. Mvulana wa miaka tisa anarudi kucheza Jumatatu jioni. Saa 2 usiku anaacha wali na maharage na kusema kitovu kinamuuma. Saa 5 usiku anatapika mara moja. Analala kwa taabu. Saa 12 asubuhi anakataa chai, na sasa anaonyesha chini kulia. Mwili una joto kidogo. Saa 3 asubuhi mama anamfikisha kituo cha afya, akitembea ameinama.

Joto lake ni nyuzi 37.8. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha kwamba anayo. Kwa haraka ya foleni, angeweza kuandikiwa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Lakini mganga anauliza zaidi na kugundua mambo mawili. Mtoto alitibiwa malaria wiki tatu zilizopita, na safari hii maumivu yalianza kabla ya joto. Anambonyeza tumbo akianzia kushoto, mbali na panapouma. Akibonyeza kushoto, mtoto anasema anasikia maumivu kulia. Akigusa chini kulia, misuli ya tumbo inakakamaa. Akiambiwa akohoe, anakunja uso na kushika pale pale.

Madaktari wana kipimo cha pointi kwa watoto wenye dalili za namna hii, kilichochapishwa na Madan Samuel mwaka 2002, chenye jumla ya pointi 10. Maumivu kuhamia kulia hupewa pointi 1, kukosa hamu ya chakula 1, kichefuchefu au kutapika 1, na homa ya nyuzi 38 au zaidi 1. Maumivu ya kubonyezwa chini kulia hupewa pointi 2, na maumivu ya kukohoa, kuruka au kugongwa tumbo taratibu pointi 2. Mbili zilizobaki hutoka kwenye damu: moja kama seli nyeupe zimezidi 10,000 katika kila mikrolita, na moja kama zile za aina ya nyutrofili zimezidi 7,500.

Mvulana huyu ana 1 ya kuhama, 1 ya kukosa hamu, 1 ya kutapika, 2 za kubonyezwa na 2 za kukohoa. Homa yake haijafika 38, kwa hiyo hapati kitu hapo. Jumla ni 7, kabla ya tone la damu kuhesabiwa seli. Pointi 7 au zaidi humweka mtoto katika kundi la uwezekano mkubwa, anayestahili kuonwa na mpasuaji mara moja. Pointi 4 hadi 6 hutaka apigwe altrasaundi au aangaliwe na kupimwa tena baada ya saa chache. Pointi 3 au chini humaanisha uwezekano ni mdogo, ingawa mzazi lazima aelezwe dalili za kumrudisha mtoto.

Mganga anamwandikia rufaa, anamwekea dripu na kumpigia simu daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya. Saa 7 mchana mtoto anapimwa tena akiwa hospitalini. Joto limefika 38.3, seli nyeupe ni 16,000 na nyutrofili ni 13,000. Sasa ana pointi 10. Dalili hukua saa baada ya saa, na mtoto mwenye pointi 4 asubuhi anaweza kuwa na 7 jioni. Kumpima tena ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Malaria, taifodi na mkojo: majibu yanayopoteza njia

Katika maeneo yenye malaria, kosa la mvulana huyo kurudishwa nyumbani na dawa linaweza kutokea kwa urahisi. Kipimo cha haraka kinachotumika sana hutafuta protini ya kijidudu cha malaria. Protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya dawa kuua vijidudu vyote. Zaidi ya hapo, mtoto anayeishi penye malaria nyingi anaweza kuwa na vijidudu vichache bila kuumwa. Kwa hiyo jibu la kipimo linaweza kuwa la kweli, na bado maumivu ya tumbo yakawa na chanzo kingine. Malaria hutibiwa, lakini tumbo linalouma mahali pamoja, linalokakamaa likiguswa, bado linahitaji kuonwa na mpasuaji siku hiyo hiyo.

Mkojo nao unaweza kudanganya. Kidole tumbo kilichovimba kikiegemea kibofu au mrija wa mkojo, seli nyeupe chache huonekana kwenye mkojo, na mtoto huweza kusema anaumia akikojoa. Akiandikiwa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, siku mbili hupotea.

Taifodi nayo huumiza chini kulia na inaweza kutoboa utumbo mwembamba, lakini kwa kawaida hutanguliwa na homa ya siku nyingi inayopanda taratibu. Nimonia ya upande wa chini wa pafu la kulia humfanya mtoto alalamikie tumbo, ilhali anakohoa na kupumua haraka. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali ya tumbo katika vipindi vyake vya maumivu, na kwake uamuzi unahitaji daktari mwenye uzoefu. Kwa mvulana, ni lazima korodani zikaguliwe, kwa sababu korodani iliyojisokota huweza kuuma chini ya tumbo, na huokolewa ndani ya saa chache tu. Kwa msichana aliyevunja ungo au anayekaribia, matatizo ya vifuko vya mayai huuma mahali pale pale. Mengi kati ya haya ni ya dharura pia, kwa hiyo kutokuwa na uhakika ni sababu ya kumpeleka mtoto, si ya kusubiri.

Wasiofuata mpangilio

Watoto wengi wenye ugonjwa huu hawana sura kamili iliyoelezwa. Baadhi hawahisi maumivu yakihama kabisa. Kundi gumu zaidi ni la walio chini ya miaka mitano, ambao hawawezi kueleza kwamba maumivu yalikuwa hapa, sasa yako pale. Mtoto wa umri huo hulia, hutapika, hupata homa, hukataa kutembea au huchechemea mguu wa kulia, na tumbo lake hujaa. Hulia zaidi akibebwa na kutikiswa, jambo lisilo la kawaida kwa mtoto ambaye kwa siku nyingine hunyamaza akibembelezwa.

Kwa watoto hawa ugonjwa pia huenda kasi. Kuta za kidole tumbo chao ni nyembamba, na pazia la mafuta linaloning'inia ndani ya tumbo, ambalo kwa mkubwa husogea na kuzingira sehemu yenye uvimbe, kwao bado ni dogo na jepesi. Usaha ukimwagika husambaa tumbo zima. Ndiyo sababu zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo hugunduliwa kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka.

Mahali kidole tumbo kilipolala pia hubadili dalili. Kikiwa kimejikunja nyuma ya utumbo mpana, maumivu husikika ubavuni au mgongoni kulia, na mbele tumbo huwa laini. Mtoto huumia akinyoosha mguu wa kulia kwa nyuma. Kikiwa kimeshuka ndani ya nyonga, husumbua sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na kibofu, na mtoto huharisha kidogo kidogo mara nyingi au kukojoa mara kwa mara. Kuharisha huku huwa kwa vijiko, si kwa mabeseni ya maji, na maumivu hayapungui baada ya kujisaidia.

Yanayofanywa nyumbani na madhara yake

Tiba za kwanza za nyumbani kwa tumbo la mtoto nyingi zinahusu kusukuma kinachodhaniwa kukwama. Mtoto hupewa mafuta ya nyonyo, dawa za kuharisha au dawa za mitishamba, au hupigwa bomba la maji kwa njia ya haja kubwa. Ikiwa chanzo ni kidole tumbo, dawa hizi huongeza msukumo ndani ya utumbo na zinaweza kuharakisha kupasuka. Kuchua tumbo kuna hatari hiyo hiyo, kwa sababu mikono huminya kijibomba chenye kuta dhaifu na kuweza kutawanya usaha ambao mwili ulikuwa umeuzingira.

Vidonge vya antibayotiki vya kununua dukani huleta tatizo tofauti. Vinaweza kushusha homa na kupunguza maumivu kwa siku moja au mbili bila kuponya, na mtoto akafika hospitalini akiwa na jipu ndani ya tumbo.

Kuhusu dawa ya maumivu, zamani madaktari walikataza mgonjwa wa tumbo asipewe kabla ya kuonwa, kwa hofu kwamba ingeficha dalili. Tafiti zimeonyesha kwamba dawa ya maumivu haimzuii daktari kuugundua ugonjwa, na leo hospitali humpa mtoto dawa hiyo mapema. Parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, yaani miligramu 15 kwa kila kilo, haina ubaya: mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 300. Hatari ni kuirudia usiku kucha huku safari ya hospitali ikiahirishwa. Aspirini haifai kwa mtoto.

Mtoto anayeshukiwa asipewe chakula wala maziwa, kwa kuwa huenda akahitaji nusukaputi, na tumbo lililojaa linaweza kusababisha chakula kuingia kwenye mapafu akiwa amelala. Safari ikiwa ndefu, maji matupu kwa vijiko vidogo hayadhuru, mradi mhudumu aambiwe alikunywa nini na saa ngapi.

Maumivu ya tumbo yanayodumu zaidi ya saa sita bila kupoa, yanayomwamsha mtoto usingizini, yanayohamia chini kulia, au yanayomzuia kutembea wima, yanatosha kumpeleka. Asingojewe hadi dalili zote tatu, maumivu, kutapika na homa, zikamilike. Zahanati hazina chumba cha upasuaji, kwa hiyo barua ya rufaa ya mapema huokoa saa nyingi. Inafaa kuuliza papo hapo ni hospitali gani iliyo karibu yenye mpasuaji na huduma ya nusukaputi kwa watoto.

Maumivu yanapopungua ghafla

Kuna wakati mmoja unaowadanganya wengi. Kidole tumbo kinapopasuka, ule msukumo wa ndani huisha, na mtoto anaweza kusema amepata nafuu. Nyumbani watu hushusha pumzi. Nafuu hiyo hudumu saa chache. Kisha maumivu hurudi yakiwa yameenea tumbo zima, homa hupanda kupita 39, mapigo ya moyo huenda mbio, tumbo huwa gumu na kujaa, na matapishi huwa ya kijani. Mtoto hulala kimya bila kujitikisa, macho yameingia ndani, midomo imekauka.

Mtoto aliyekuwa na maumivu makali ya chini kulia kisha yakaisha ghafla, lakini bado ana homa na hali chakula, hajapona. Anahitaji hospitali haraka kuliko alivyoihitaji jana.

Hospitalini

Daktari huanza kwa maswali na mikono, kisha vipimo. Altrasaundi ndiyo picha ya kwanza kwa watoto kwa kuwa haina mionzi. Kidole tumbo chenye kipenyo kinachozidi milimita 6, kisichobanika kikibonyezwa, huonyesha uvimbe. Lakini gesi ya utumbo huweza kukificha, na ubora wa picha hutegemea mikono ya mpimaji. Jibu linalosema kwamba kidole tumbo hakikuonekana si sawa na kusema ni kizima. CT huona vizuri zaidi, ila hutumia mionzi, kwa hiyo huachiwa kesi zenye utata. Mahali ambapo vifaa hivi havipo, mpasuaji mzoefu huamua kwa dalili na kwa kumpima mtoto tena na tena.

Uamuzi ukishafikiwa, mtoto huwekewa dripu, hupewa dawa ya maumivu na antibayotiki za mshipa, mara nyingi seftriaksoni pamoja na metronidazo. Kisha hufanyiwa upasuaji wa kuondoa kidole tumbo, ama kwa mkato mdogo chini kulia, ama kwa matundu madogo na kamera katika hospitali zenye vifaa hivyo. Kisipokuwa kimepasuka, kazi hiyo mara nyingi huisha ndani ya saa moja, na mtoto huruhusiwa baada ya siku moja au mbili. Kikiwa kimepasuka, tumbo husafishwa usaha, antibayotiki huendelea kwa siku kadhaa, na kulazwa hufika siku tano hadi saba au zaidi. Akicheleweshwa siku nyingi na usaha ukajikusanya sehemu moja, huenda jipu likatolewa au dawa zikatangulia, na kidole tumbo kikaondolewa baadaye.

Wazazi wengine huuliza kama dawa peke yake hutosha. Kwa watoto waliochaguliwa, ambao picha imethibitisha kwamba kidole tumbo hakijapasuka na hakina kinyesi kigumu ndani, antibayotiki za mshipa chini ya uangalizi wa hospitali zimefanya kazi. Takriban theluthi mbili yao walipita mwaka mmoja bila kuhitaji upasuaji, na theluthi iliyobaki walifanyiwa. Njia hiyo inategemea picha ya uhakika na mpasuaji aliye tayari saa yoyote. Haina uhusiano na vidonge vya dukani.

Mtu huishi salama bila kidole tumbo. Mtoto hurudi shuleni kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, na michezo ya kukimbia na kusukumana husubiri wiki chache zaidi kulingana na mkato wake. Katika wiki mbili za kwanza mambo matatu yanatosha kumrudisha hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki: kidonda kinachokuwa chekundu, kuvimba au kutoa usaha, homa inayorudi pamoja na maumivu ya ndani ya tumbo, ambayo huweza kuwa jipu, na kutapika kwa kijani huku tumbo likijaa na haja ikikoma, ambako huashiria utumbo umenata na kujifunga. Hili la mwisho linaweza kutokea hata miaka baadaye, kwa hiyo mzazi anapompeleka mtoto kwa tatizo lolote la tumbo siku za usoni, amweleze daktari kwamba alishafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na kama kilikuwa kimepasuka.